Kebo ndefu iliyopunguza kasi ya diski: uchambuzi wa kisa kimoja cha Thunderbolt

Studio ndogo ya uhariri wa filamu iliamua kuihamisha kompyuta yake. Feni zilikuwa zinapiga kelele wakati wa kurekodi sauti za wasimulizi, kwa hiyo mashine ikatolewa juu ya meza na kuingizwa kwenye kabati lenye mlango, karibu mita moja na nusu kutoka mahali anapokaa mhariri. Diski zilibaki mezani, maana hubadilishwa mara kwa mara: mpigapicha analeta diski yenye picha za siku, inachomekwa, inanakiliwa, inaondoka. Kilichohitajika ni kebo ndefu kidogo tu.

Kabla ya kuhama, kasha la SSD la Thunderbolt 3, njia ya kuunganisha vifaa vya kasi kubwa kwa plagi ya USB-C, lilikuwa limeunganishwa kwa kebo fupi ya nusu mita iliyokuja nalo. Kusoma faili kubwa kulikuwa kunafika karibu megabaiti 2,700 kwa sekunde. Baada ya kuhama, kebo ikawa ya mita 2, nene, imara, yenye alama ya radi kwenye plagi zote mbili. Kasi ikashuka hadi karibu megabaiti 1,800. Hakuna kilichokatika, hakuna ujumbe wa hitilafu. Diski ilionekana, faili zilifunguka, ila kila kitu kilikuwa kizito kidogo, na mhariri alianza kuishuku diski.

Hiyo shaka ya kwanza ndiyo huwapotezea watu muda. Diski ikipungua kasi, mtu hufikiria diski imechoka, imejaa au imepata joto. Diski iliyochoka au yenye joto huanza vizuri kisha huporomoka baada ya dakika kadhaa, na kasi yake huyumba. Hapa kasi ilikuwa chini tangu sekunde ya kwanza na ilikaa palepale. Kasi iliyopungua lakini imetulia kama maji ya mtungini inaashiria kwamba pande mbili zimekubaliana kwenda polepole. Jambo la kwanza ni kuiuliza kompyuta walikubaliana nini. Kwenye Linux jibu lipo kwenye mafaili mawili (namba ya kifaa inaweza kutofautiana):

```
$ cat /sys/bus/thunderbolt/devices/0-1/rx_speed
10.0 Gb/s
$ cat /sys/bus/thunderbolt/devices/0-1/rx_lanes
2
```

Njia mbili, kila moja gigabiti 10 kwa sekunde: jumla 20. Kwa kebo fupi mstari wa kwanza ulikuwa unasema `20.0 Gb/s`, yaani jumla 40. Kwenye Mac habari hiyo hiyo inapatikana kwenye System Information, sehemu ya Thunderbolt. Diski ilikuwa nzima. Kiungo chenyewe kilikuwa kimeshushwa hadi nusu, na kitu pekee kilichobadilika ni kebo.

Kebo ile haikuwa mbovu wala bandia. Kwenye pakiti yake, kwa maandishi madogo, ilikuwa imeandikwa 20 Gbps. Ilikuwa kebo tuli: shaba mwanzo hadi mwisho, bila chipu yoyote inayogusa data. Kwa Thunderbolt 3 kebo tuli hubeba gigabiti 40 ikiwa na urefu wa takriban nusu mita, na ikirefuka hadi mita 2 hubeba 20. Kwa Thunderbolt 4 na USB4, viwango vilivyofuata, mpaka wa gigabiti 40 umesogezwa hadi sentimita 80. Namba hizi hazikutokana na wauzaji kutaka kumbana mteja. Zinaweza kukokotolewa kwa kalamu na karatasi, na ukizikokotoa mara moja utaelewa pesa ya kebo ndefu inakwenda wapi.

Tuanze na kinachotokea ndani ya waya. Gigabiti 20 kwa sekunde kwenye njia moja maana yake kila biti ina pikosekunde 50 tu za kuwapo. Katika muda huo ishara husafiri kama sentimita moja ndani ya kebo, kwa hiyo kebo ya mita 2 huwa imebeba biti zipatazo 200 zilizofuatana, zote zikiwa safarini kwa wakati mmoja. Biti zinapobadilikabadilika kwa haraka kabisa, moja, sifuri, moja, sifuri, wimbi linalopatikana lina masafa ya gigahezi 10. Hapo ndipo shaba inaposhindwa. Kwa masafa hayo umeme hautumii waya mzima. Hukimbilia kwenye ngozi ya nje, unene wa chini ya elfu moja ya milimita, na kiini chote cha waya kinabaki bila kazi. Ngozi nyembamba ina ukinzani mkubwa, na ukinzani huo hupanda kadiri masafa yanavyopanda. Plastiki inayouzunguka waya nayo hunyonya sehemu ya nishati na kuigeuza joto, na ulaji wake hupanda kwa kasi zaidi kuliko ule wa ngozi ya shaba.

Tatizo si kwamba ishara inafifia tu. Ingefifia yote kwa kiwango kimoja, tungeikuza mwishoni na mambo yakaisha. Inayofifia sana ni sehemu ya masafa ya juu, huku ile ya masafa ya chini ikipita karibu salama. Mfululizo wa moja tano unafika ukiwa na nguvu, halafu sifuri moja pekee inayoufuata inafika ikiwa imefifia, imetanuka, na imepandiwa na mkia wa zile moja zilizotangulia. Kipokezi kinashindwa kujua kama voltiji imeshuka kweli au imelegea tu. Mafundi hutazama hali hii kwenye kipimo kinachozipandisha biti zote juu ya nyingine, ambapo kebo nzuri huonyesha uwazi katikati kama jicho lililofunguka, na kebo ndefu mno huonyesha jicho lililofumba.

Sasa hesabu. Upotevu hupimwa kwa desibeli. Desibeli 6 ni kupungua kwa voltiji hadi nusu, na desibeli 20 ni kubaki na sehemu moja ya kumi. Kwa njia ya gigabiti 20, kebo tuli ya USB-C inaruhusiwa kupoteza takriban desibeli 7.5 katika gigahezi 10. Inaonekana kiasi kidogo, lakini kumbuka kwamba bodi ya kompyuta na bodi ya kifaa nazo zina nyaya zake kutoka kwenye chipu hadi kwenye tundu, nazo zinakula sehemu kubwa ya bajeti. Kebo inapewa kilichobaki.

Tuchukulie plagi mbili zinakula desibeli 1.5 kwa pamoja. Zinabaki 6 kwa ajili ya waya wenyewe, na zikigawanywa kwa mita 0.8 ni desibeli 7.5 kwa kila mita. Refusha waya huo huo hadi mita 2: 15 za waya, 1.5 za plagi, jumla 16.5. Umezidi kikomo kwa desibeli 9, yaani kipokezi kinapata voltiji kama theluthi moja ya ile ndogo kabisa kiliyoahidiwa. Na hiyo theluthi ni ya biti zilizo salama kidogo. Zile za pekee zilizobanwa katikati ya jirani zake hazionekani kabisa.

Shusha kasi hadi gigabiti 10 kwa njia moja na picha inageuka. Masafa ya juu kabisa sasa ni gigahezi 5. Upotevu wa waya ule ule unashuka hadi karibu desibeli 5 kwa mita, kwa hiyo mita 2 pamoja na plagi zinafika kama 11. Kikomo kwa kasi hiyo ni takriban 12, kwa sababu chipu zinaweza kuvumilia zaidi pale ambapo biti ina muda mrefu wa kutulia. Inapita, kwa nafasi ndogo. Ndiyo maana kebo ya kisa chetu iliandikwa 20, na ndiyo maana mita 2 ni mpaka wenye mantiki.

Kompyuta nayo haikugundua hili kwa kujaribu na kushindwa. Ndani ya plagi ya kebo ya aina hii kuna chipu ndogo ya utambulisho. Haigusi data. Kazi yake ni kujibu swali linaloulizwa kupitia waya wa pembeni mara tu kebo inapochomekwa: wewe ni kebo tuli au amilifu, unabeba kasi gani, unabeba ampea ngapi? Kebo ikajibu kwa uaminifu, kompyuta ikaanza kupatanisha kiungo kwa gigabiti 10 kwa njia badala ya 20, na hapakuwa na sababu ya kumwonyesha mhariri onyo lolote. Kwa upande wa mfumo, kila kitu kilikwenda kama ilivyopangwa.

Wazo la kwanza la studio lilikuwa zuri kwa mtazamo wa kawaida: tafuta kebo tuli yenye nyaya nene zaidi. Ngozi ya waya mnene ina mzingo mkubwa, kwa hiyo ukinzani wake ni mdogo. Tulijaribu kulikokotoa pia. Ili mita 2 ziingie ndani ya zile desibeli 6, waya lazima upoteze desibeli 3 tu kwa mita badala ya 7.5. Upotevu wa ngozi hupungua kwa kadiri kipenyo kinavyoongezeka, kwa hiyo kipenyo kinatakiwa kuwa mara mbili na nusu. Waya wa robo milimita unakuwa wa zaidi ya milimita 0.6. Kihami lazima kinenepe kwa uwiano ule ule, la sivyo waya unapoteza ulingano wake na bodi na ishara inaanza kurudi nyuma. Eneo la kila jozi ya nyaya linakuwa mara sita. USB-C ina jozi nne za kasi, mbali na nyaya za umeme, za USB 2.0 na za mawasiliano ya pembeni, na zote zinatakiwa kuingia kwenye plagi yenye miguu 24 iliyoachana kwa nusu milimita. Hata ukifaulu kuziunganisha, umepata fimbo isiyokunjika. Na bado hujaigusa sehemu inayoliwa na plastiki, kwa sababu upotevu wa kihami haupungui kwa kukinenepesha. Kwa hiyo shaba peke yake haitoshi, hata kwa mwenye pesa.

Ndipo tunafika kwenye kebo amilifu. Kwa nje inafanana kabisa na ile nyingine, isipokuwa plagi zake mara nyingi ni ndefu kidogo na huwa na uvuguvugu zikiwa kazini. Kila plagi ina bodi ndogo yenye chipu ambayo data inapita ndani yake. Chipu hizo ni za namna mbili. Namna ya kwanza hukuza tu: huinua masafa ya juu yaliyofifia na kuisukuma ishara mbele pamoja na kelele zake. Namna ya pili husoma na kuandika upya. Hurekebisha ishara, hutambua mapigo ya saa yaliyofichwa ndani yake, huamua kwa kila biti kama ni moja au sifuri, kisha hutoa ishara mpya safi. Tofauti yao ni ile ya anayesoma barua iliyofifia kwa kioo cha kukuzia na karani anayeinakili upya kwa wino mweusi: kioo hukuza na madoa yaliyomo, karani huyaacha.

Faida kubwa ya namna ya pili ni kwamba inaikata safari vipande vitatu. Kutoka kompyuta hadi chipu ya plagi ya kwanza ni sentimita chache. Kutoka chipu hadi chipu ni mita 2. Kutoka chipu ya pili hadi diski ni sentimita chache tena. Zile desibeli 15 hazijaondoka, ziko palepale kwenye kipande cha kati, lakini sasa hazijumlishwi na upotevu wa bodi mbili. Tena chipu ya kupokea inajua kinachokuja: kiwanda kimeshapima kebo hiyo na kuirekebisha chipu kwa urefu na waya huo hasa. Kompyuta haiwezi kufanya hivyo, maana haijui utaichomeka kebo gani kesho.

Si jambo jipya. Thunderbolt ya kwanza ilipotoka mwaka 2011, ikiwa na gigabiti 10 tu kwa njia, kebo zake za shaba zote zilikuwa amilifu, hata zile fupi. Watu walilalamika sana kuhusu bei, hadi mafundi wa tovuti ya ukarabati iFixit wakaipasua moja na kukuta chipu 12 ndani ya plagi mbili. Miaka iliyofuata vipokezi ndani ya kompyuta vyenyewe viliboreshwa kiasi kwamba kebo fupi ikaweza kuachwa bila chipu. Ninalipenda tukio hilo kwa sababu linaonyesha kwamba gharama haipotei, inahama: ama unailipia ndani ya kompyuta mara moja, ama unailipia ndani ya kila kebo.

Na gharama yenyewe ni ya nini? Chipu mbili au zaidi ni sehemu tu. Kila kebo amilifu ina bodi mbili ndogo ambazo nyaya nyembamba kuliko uzi wa kushonea lazima ziunganishwe kwazo kwa usahihi, maana lehemu ikizidi kidogo kwenye mguu mmoja inatosha kurudisha sehemu ya wimbi nyuma. Kila chipu hupewa programu yake na kurekebishwa. Kila kebo hupimwa kwa kasi kamili kabla ya kutoka, na zisizopita hutupwa, ilhali kebo ya kawaida ya kuchajia hupimwa tu kama nyaya zimeshikana. Chipu zinahitaji umeme, volti 5 kutoka kwenye waya uliotengwa kwa kazi hiyo, na joto lake lazima litoke kupitia ganda la plagi dogo kuliko kidole gumba. Kisha wanunuzi wa mita 2 ni wachache kuliko wa nusu mita, kwa hiyo gharama ya usanifu inagawanywa kwa vichwa vichache.

Kuna na kisababishi kingine ambacho watu hukisahau kwa kuwa si cha data. Kebo hiyo hiyo hubeba umeme, mara nyingi hadi ampea 5. Kanuni za USB-C zinaruhusu waya wa kurudi kupoteza robo ya volti tu, kwa sababu ikizidi hapo pande mbili zinaanza kutokubaliana sifuri ni wapi. Robo ya volti kwa ampea 5 ni miliomu 50, mwanzo hadi mwisho, plagi zikiwemo. Ukitoka mita 0.8 kwenda mita 2, waya wa umeme lazima uwe na shaba mara mbili na nusu kwa kila mita ili kubaki ndani ya kikomo hicho, na mita zenyewe zimeongezeka mara mbili na nusu. Shaba ya umeme peke yake imekuwa mara sita. Hii inaihusu hata kebo ndefu isiyo na chipu yoyote.

Turudi studio. Walinunua kebo amilifu ya mita 2 ya Thunderbolt 3, iliyoandikwa 40 Gbps. Mafaili yale mawili yakaonyesha `20.0 Gb/s` kwa njia 2, na kasi ikarudi megabaiti 2,700. Kisa kingeishia hapo, lakini siku chache baadaye mpigapicha alileta diski yake ndogo, ya USB ya kawaida yenye gigabiti 10, akaichomeka kwenye kebo ile ile ya bei kubwa. Kunakili gigabaiti 500 kulitarajiwa kuchukua kama dakika nane au tisa. Kompyuta ikakadiria saa tatu na nusu.

```
$ lsusb -t
|__ Port 3: Dev 7, If 0, Class=Mass Storage, Driver=uas, 480M
```

Ile `480M` mwishoni ndiyo jibu. Diski ilikuwa inaongea USB 2.0, megabiti 480 kwa sekunde, ambazo baada ya makato ya itifaki ni kama megabaiti 40. Kwa kebo ya kawaida ya USB mstari huo ungeonyesha `10000M`. Kebo iliyoifaa diski moja iliivunja miguu nyingine.

Sababu inatokana moja kwa moja na zile chipu. Shaba tupu haijui inabeba nini. Chochote utakachokiingiza upande mmoja, kitatoka upande wa pili, alimradi masafa yanaruhusu. Chipu inayosoma na kuandika upya lazima ijue lugha inayosomwa. Kabla ya kuanza data, USB 3 hupima kama kuna mtu upande wa pili kwa kusikiliza mzigo wa umeme kwenye waya, kisha pande mbili huamshana kwa mapigo ya masafa ya chini sana, makumi ya megahezi. Chipu nyingi za kebo amilifu za Thunderbolt 3 hazikusanifiwa kuyapitisha mambo hayo. Kebo ilijitambulisha kuwa haina njia ya USB ya kasi, na kompyuta ikabaki na kilichopo: ile jozi ya zamani ya USB 2.0, ambayo ndani ya kebo hupita moja kwa moja bila kugusa chipu. Jozi hiyo haihitaji msaada, kwa sababu kwa megabiti 480 masafa ya juu ni megahezi 240 tu, na mita 2 za shaba kwa masafa hayo ni safari nyepesi.

Thunderbolt 4, iliyotangazwa mwaka 2020, ilikuja na sharti lililolenga hasa kero hii: kebo ya mita 2 lazima ibebe gigabiti 40 na pia ipitishe USB na ishara za skrini. Studio ikabadilisha kebo kwa moja ya aina hiyo, diski zote mbili zikafanya kazi kwa kasi zake, na ile ya Thunderbolt 3 ikabaki kwa kasha la kwanza. Chipu inayojua lugha kadhaa ni ngumu zaidi kusanifu na kuijaribu, kwa hiyo bei ya hiyo nayo inaeleweka.

Kabla hawajanunua, niliwapa pendekezo lisilo na gharama na wakalikataa kwa sababu ya msingi: iweke diski kabatini karibu na kompyuta kwa kebo fupi tuli, na urefu uupe kibodi na kipanya, ambavyo havihitaji kasi. Katika visa vingi hilo ndilo jibu sahihi, na huwa linashangaza watu, kwa sababu hufikiria kurefusha kebo ya kitu kinachowasumbua badala ya kurefusha ya kitu kisichojali. Hapa mhariri alihitaji kubadilisha diski bila kunyanyuka, kwa hiyo kasi na urefu vililazimika kukaa kwenye waya mmoja.

Kama kabati lingekuwa chumba cha pili, kwa mfano mita 10, shaba isingeokolewa hata na chipu. Hapo kebo hubadili ishara kuwa mwanga ndani ya plagi na kuupitisha kwenye nyuzi za kioo, ambazo kwa mita 10 hupoteza karibu hakuna kitu. Kebo za Thunderbolt za namna hii zimekuwapo kwa urefu wa makumi ya mita. Kwa kawaida hazibebi umeme wa kuendeshea kifaa, kwa hiyo diski inayotegemea umeme wa kebo haitawaka, na mnunuzi huligundua hilo baada ya kuzitandaza ukutani.

Kuna kebo ambayo studio haikukutana nayo, lakini wewe unaweza: ya mita 2, nyembamba, tuli, ambayo chipu yake ya utambulisho inadanganya kuwa inabeba 40. Hiyo haishushi kasi kwa utulivu. Kompyuta inaiamini, inaanza kwa kasi kamili, na jicho limefumba. Dalili zake ni diski inayokatika katikati ya kunakili, inayorudi yenyewe, inayofanya kazi kebo ikinyooshwa na kugoma ikikunjwa, au kasi inayoyumba kwa sababu data iliyoharibika inatumwa tena na tena. Kebo ya aina hiyo ni mbaya kuliko ile iliyokiri uwezo wake wa 20, na mtihani wake ni rahisi: weka kebo fupi, na matatizo yakitoweka, itupe.

Jambo la mwisho linahusu uimara wa ununuzi wenyewe. USB4 toleo la pili na Thunderbolt 5 zimeongeza kasi hadi gigabiti 80 kwa kila upande, lakini hazikufanya hivyo kwa kuongeza masafa maradufu. Badala ya viwango viwili vya voltiji zinatumia vitatu, na masafa yamepanda kidogo tu, kutoka gigahezi 10 hadi karibu 12.8. Ndiyo maana kebo tuli fupi za gigabiti 40 zilizotengenezwa kabla zinakubalika kwa 80 bila mabadiliko: shaba haijali viwango ni vingapi. Kebo amilifu ya studio haitapata bahati hiyo. Chipu zake zinajua kuamua kati ya moja na sifuri, na kiwango cha tatu hazikitambui. Siku kompyuta na kasha vikibadilishwa, ile kebo ya gharama kubwa itabaki kwenye 40, ilhali ile ya nusu mita iliyokuja bure na diski, kama inatimiza kanuni za USB4, ina nafasi ya kwenda 80.